Abiria wa Mchana Mmoja

Madereva teksi wa uwanja wa ndege ndio waliompachika jina la Mama Saa, na hawakumpachika kwa mapenzi. Walikuwa wakimwona asubuhi anatoka mlango wa wanaowasili, mgeni mmoja au wawili wanamfuata nyuma, anawapita wao na magari yao yaliyooshwa yakang'aa, anateremka ngazi za stesheni ya treni huku jicho liko kwenye saa ya mkononi. "Yule mama," walisema, "hata siku ya kufa atauliza jeneza linashushwa saa ngapi." Alizisikia kejeli zao akazizoea, kama alivyozizoea kelele za injini.

Mwanzo wake ulikuwa kupiga deki. Miaka mingi alipiga deki humo humo uwanjani, na katika kupiga deki akawaona watu ambao wengine hawakuwa wakiwaona: abiria wanaosubiri ndege ya pili. Wanashuka asubuhi, ndege yao inayofuata ni ya jioni, na kutwa nzima wanajilaza kwenye viti vya chuma, mikoba wameifunga miguuni kwa kamba ya viatu. Siku moja msichana mmoja alimuuliza, "Mama, huko nje kuna nini?" Akamjibu kuna mji. Msichana akasema angependa kuuona, ila anaogopa kupotea, anaogopa kuibiwa, na zaidi ya yote anaogopa kuachwa na ndege. Jumapili iliyofuata Mama Saa alikuwa na mapumziko. Akaanza hivyo, na mtu mmoja, kama mchezo. Baadaye akasomea, akapata kitambulisho cha mtembeza wageni, akaliweka chini dekio.

Ufundi wake wote ulikuwa katika kuhesabu kinyumenyume. Wengine huanza na saa ya kutua. Yeye alianza na saa ya kuondoka. Anatoa kwanza saa tatu za kuwa uwanjani kabla, kwa sababu ukitoka nje unakaguliwa upya kama mtu ambaye hajawahi kupanda ndege. Anatoa mwendo wa treni. Anatoa nusu saa ya bahati mbaya, maana bahati mbaya haikosi. Kisha anatoa upande wa pili, wakati wa foleni ya uhamiaji asubuhi. Kinachobaki katikati ndicho anachokiita mji. Kwa wengine mji ulikuwa saa tano, wakaona soko, bustani na ile barabara ya nyumba za zamani. Kwa wengine ulikuwa saa moja na kitu, na hao aliwaambia waziwazi, "Kaa hapa hapa, mwanangu, ununue chai. Hautoshi." Hajawahi kumkosesha mtu ndege. Hilo alilishika kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto barabarani.

Lakini mambo yalikuwa yanamwendea kombo. Shirika la ndege lilikuwa limefungua jumba jipya la abiria wa kupita, lina vitanda, bafu na sinema, na hakuna kutoka nje. Wageni wakapungua kutoka watano kwa wiki hadi wawili, kisha mmoja. Nyumbani alikuwa na dada yake mkubwa, mgonjwa wa miguu, ambaye kila jioni alimuuliza kwa upole unaokera, "Leo nao wamelala kwenye vitanda?" Naye anavua viatu.

Ndipo akaja mshonaji.

Aliombewa nafasi na mtoto wa kaka yake kwa simu. Shangazi yangu, kijana alisema, anatua saa mbili asubuhi, anaondoka saa kumi na mbili jioni, anataka kuona mji. Mama Saa alimngojea kwenye kizuizi, akamwona anakuja: mama wa miaka sitini na ushei, mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni, begi dogo la mkono amelikumbatia kifuani. Kwenye kola ya blauzi alikuwa amechomeka pini tano sita kwa mstari.

"Karibu, dada. Umepigiwa muhuri?"

"Nimepigiwa. Kanambia mwisho leo leo, nisilale."

"Nionyeshe." Mama Saa aliisoma ile ruhusa ya siku moja, akaisoma na pasi ya kupandia ndege ya jioni. "Na begi kubwa?"

"Waliniambia nisilichukue, nitalikuta mbele."

"Sawa. Tiketi yake unayo? Hiyo hapo, imebandikwa nyuma ya pasi. Isidondoke."

Stoo ya mizigo ilikuwa pembeni mwa mlango wa kutokea, chumba chenye rafu za chuma na mashine ya kupitishia mabegi. Aliyekuwa akiishika ni mzee mmoja mwenye utani ambaye hakuna mtu aliyemjua kwa jina jingine zaidi ya Mzee wa Mizigo.

"Shemeji!" akaita. "Siku ngapi hizi? Nilidhani umeolewa upya."

"Na nani, wewe mwenye wake wawili na kiuno kimoja? Pokea begi."

Mshonaji hakucheka. Wala begi hakuliachia.

"Dada," Mama Saa akamwambia, "mtu akikuona na begi mjini ameshajua wewe ni mpitaji, na mpitaji hana muda wa kwenda polisi. Pasipoti, dawa, simu na hela kidogo, hivyo ndivyo vya kukaa mwilini. Vingine vyote hapa. Mzee huyu anafunga saa mbili usiku, wewe saa tisa utakuwa umeshalichukua."

Mshonaji alifungua zipu, akatoa kifurushi kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akakitia kwapani. Kisha akalisukuma begi juu ya kaunta, shingo upande. Mzee akalipitisha kwenye mashine, akachana kikaratasi chenye namba, akampa. Mama Saa akamsimamia mpaka alipokikunja na kukitia ndani ya pasipoti.

"Haya. Sasa tunakwenda sokoni kwanza, halafu..."

"Mdogo wangu." Mshonaji alimshika mkono. "Nisamehe. Mimi sokoni siendi. Nimekuja kumwona binti yangu."

Wakakaa kwenye benchi nje ya stoo, naye akaeleza haraka haraka, kama anayeogopa kukatizwa. Binti yake wa mwisho alikuja mji huu kutafuta maisha, huu mwaka wa nne. Miaka miwili ya mwanzo alipiga simu kila wiki. Halafu kila mwezi. Halafu kimya. Mtu wa kwao aliyepita huku alimwona kwenye duka la dobi, la mashine, nyuma ya hospitali kubwa. Sasa mtoto wake wa kiume, aliye mbali zaidi, amemtumia tiketi aende kumlelea mjukuu atakayezaliwa mwezi huu. Safari ya miaka, si ya kurudi kesho. "Nikamwambia mwanangu nitafutie ndege ya kupitia kule aliko dada yako. Akaniambia mama, utakaa kutwa uwanjani. Nikamwambia nitakaa."

Mama Saa alijua lile duka liliko. Alijua pia kuwa treni haifiki. Alifumba macho akaanza kuhesabu kinyumenyume.

"Sikia, dada. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya daraja. Treni hadi stesheni ya kati, kisha basi. Kwenda hakuna neno. Kurudi ndiko kwenye kazi, kwa sababu kuanzia saa nane malori yanaruhusiwa kuingia mjini, na daraja ni hilo moja. Likiziba limeziba, uwe kwenye basi, uwe kwenye teksi, hata uwe waziri. Kwa hiyo saa saba na nusu tunaondoka pale. Umekutana naye, hujakutana naye, tunaondoka. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Sema tena."

"Tumekubaliana, mdogo wangu."

Kwenye treni mshonaji hakuangalia dirishani hata mara moja. Mama Saa, kwa mazoea, alimwonyesha bustani, akamwonyesha paa la soko, akamwambia kifurushi kiwe mbele si kwapani. Yule akaitika "naam, naam" huku kidole kinapapasa kifurushi, kinafuata mshono wa kitu kilichokuwa ndani. Walipobadilisha na kupanda basi kulikuwa na nafasi, na daraja lilikuwa jeupe, basi likalivuka kwa kufumba na kufumbua. Hata Mama Saa mwenyewe akajiruhusu kufikiri kwamba siku hii huenda ikawa njema.

Duka la dobi lilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati wa kukunja. Mbele kaunta, nyuma mashine sita zinazonguruma, na mvuke umelowesha kuta mpaka rangi imebambuka. Bosi alikuwa mwanamume mnene mwenye taulo shingoni. Alipoulizwa, hakuwa mkorofi. Alisema ndiyo, yupo binti huyo, lakini ametoka na gari kupeleka mashuka hotelini na kuchukua machafu. Atarudi.

"Saa ngapi?" akauliza Mama Saa.

"Akirudi."

Wakakaa kwenye viti vya plastiki karibu na mlango. Watu wakaingia na mafurushi, wakatoka na nguo zilizokunjwa. Kila gari lililosimama nje, mshonaji alinyanyuka nusu, akakaa. Mama Saa alikuwa na wazo la kwenda kununua kitu cha kutia tumboni, akalifukuza; katika kazi yake, pale mtu anapokwenda dukani dakika mbili ndipo mambo huharibika. Akafungua simu akatazama ndege ya jioni. Ilikuwa kwa wakati wake.

Saa ya ukutani ilipopita saa saba kamili gari likaja. Binti alishuka kinyumenyume, anaburuta gunia la mashuka, na mama yake akamtambua kwa mgongo.

"Mwanangu!"

Binti aligeuka. Mama Saa, aliyewahi kuona watu wengi wakikutana mlango wa wanaowasili, alitegemea kilio au kukimbiliana. Halikuwepo hata moja. Binti alisimama na gunia mkononi kama aliyeshikwa anaiba.

"Mama. Umefikaje hapa?"

"Napita. Nakwenda kwa kaka yako. Napita tu."

Wakakumbatiana, gunia limebanwa katikati yao. Bosi akapiga kelele kutoka nyuma kwamba mashuka ya hotelini yanatakiwa jioni, salamu zipigwe huku kazi inafanyika. Binti akaingia, mama akamfuata nyuma ya kaunta, na Mama Saa akawafuata hadi usawa wa mashine ya kwanza, pasipo ruhusa ya mtu.

"Umekonda," mama alisema kwa sauti ya juu, maana mashine zilikuwa zinanguruma.

"Kazi, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

"Simu yako je?"

"Iliharibika."

"Muda wote huo?"

Binti akawa anatia mashuka kwenye mashine. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni, ngozi imechubuka kwa sabuni. Mama aliitazama mikono ile, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa gauni. Lilikuwa gauni la kitambaa cha kijani, limeshonwa vizuri kupita kiasi, la mtu wa kwenda sherehe. "Nimekushonea. Vaa nione."

"Mama, hapa?"

"Juu ya hizo hizo. Vaa."

Binti akalivaa juu ya fulana na suruali ya kazi. Likamning'inia. Vipimo vilikuwa vya msichana aliyeondoka nyumbani, si huyu. Hapo mshonaji akafanya jambo analolijua. Akavaa miwani, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akachomoa pini kwenye kola yake moja baada ya nyingine, akaanza kulibana gauni kiunoni.

"Nyooka. Usipumue. Geuka kidogo. Wewe ulikuwa na nyonga, nyonga zimekwenda wapi? Hapa fundi apunguze vidole viwili, hapa kimoja, umesikia? Usimpe fundi wa ovyo, atakukatia kitambaa."

"Nimesikia, mama."

"Na pindo asiliguse."

Mama Saa alitazama mkono wake. Zilikuwa zimebaki dakika kumi, zikabaki sita. Alitaka kusema: mwulize, dada, acha gauni, mwulize kimekupata nini. Lakini hilo si la mtembeza wageni kusema. Mshonaji pale chini alikuwa anabana pini polepole, kwa uangalifu, kama mwenye siku nzima mbele yake. Alionekana mtulivu kuliko alivyoonekana tangu asubuhi, na pengine hilo ndilo lililomfanya binti, akiwa amesimama wima katikati ya mvuke na gauni la sherehe, aanze kusema.

"Mama."

"Eeh."

"Kuna kitu nilitaka kukwambia. Mimi sikuacha kupiga simu kwa sababu ya simu."

Mshonaji akanyanyua uso. Pini moja ilikuwa bado mdomoni.

Na saa ilikuwa saba na nusu. Imepita, kwa kweli.

"Dada," akasema. "Muda."

Wote wawili wakamgeukia. Hata miaka ipite, alikuja kumwambia dada yake, hataisahau sura ya yule binti, jinsi ilivyofunguka halafu ikajifunga, kama mlango wa bati.

"Kesho nina mapumziko," binti akasema haraka. "Lala, mama. Lala leo tu, kesho tukae tuzungumze."

"Nilale?" Mshonaji akamtazama Mama Saa. Hakuuliza kwa maneno.

Mama Saa akamweleza, kwa sababu alikuwa na haki ya kuelezwa. Ruhusa ni ya leo. Akilala, kesho pale uhamiaji watamweka kwenye chumba, faini, maswali. Ndege ikiondoka bila yeye, tiketi yote iliyobaki imekufa, na begi kubwa watalishusha. Mwanawe atalazimika kununua nyingine, na mke wake anajifungua mwezi huu. "Siwezi kukwambia ulale, dada. Siwezi kukwambia usilale. Nakwambia yatakayokupata."

Mashine moja ikamaliza, ikalia. Bosi akaita. Binti akafuta uso kwa mkono wa gauni, akaanza kulivua, pini zinamchoma, anasema "aa" kidogo kidogo.

"Nenda, mama. Kaka anangoja. Nitakupigia."

"Namba yangu ni ile ile."

"Naijua."

"Uniambie hicho kitu."

"Nitakwambia."

Kwenye basi mshonaji alikaa amenyooka, mikono mitupu juu ya mapaja. Malori yalikuwa yameanza kujipanga ng'ambo. Waliliwahi daraja kwa dakika chache tu, na walipokuwa juu yake Mama Saa akageuka akaona nyuma yao limeziba. Siku nyingine angejisifu. Siku nyingine angemwambia mgeni, unaona? Treni waliipata mlango ukiwa unataka kujifunga.

Walifika uwanjani saa tisa kasoro. Mzee wa Mizigo alilitoa begi, akaanza utani, akaziona sura zao, akaukatisha. Mama Saa akamsindikiza mgeni wake hadi ubao wa ndege, pale anapoagana na wote, ili amwonyeshe kaunta na mlango. Akautafuta mstari wa ndege ya saa kumi na mbili. Ulikuwa umegeuka mwekundu.

Ndege imechelewa. Itaondoka saa tatu usiku.

Alisoma mara mbili. Akafungua simu, nayo sasa ilisema hivyo hivyo, ujumbe uliingia walipokuwa kwenye treni. Akajikuta anahesabu tena, kinyumenyume, kwa haraka ya mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Saa tatu usiku, toa tatu, saa kumi na mbili wawe hapa. Sasa ni saa tisa. Kama wangejua pale dukani, wangekaa saa nyingine nzima, wakangoja basi lijikokote hata saa mbili darajani, na bado wangefika. Lakini kutoka hapa, kwenda na kurudi, mara mbili kuvuka daraja lililoziba? Haiwezekani. Alilihesabu kwa kila namna aijuayo. Haiwezekani.

"Wamesemaje?" mshonaji akauliza. Miwani yake haikufika kule juu.

Angeweza kudanganya. Alifikiria kudanganya.

"Imechelewa, dada. Saa tatu usiku."

Mshonaji aliutazama ubao. Kisha akasema, "Kumbe," akatafuta kiti.

Mama Saa hakuondoka. Alikaa naye upande wa nje, kwenye viti vya chuma alivyovifuta miaka ile yote. Alikumbuka namba ya simu iliyochorwa juu ya mlango wa duka, namba fupi, akaipiga. Bosi akapokea. Mama Saa akamwomba kwa heshima zote, tafadhali baba, dakika mbili tu, mama yake yuko hapa na mimi.

"Mama, umetoka hapa sasa hivi. Mashuka hayajatoka. Hii simu ni ya wateja," bosi akasema, akakata. Wakapiga tena baada ya saa moja. Ikaita mpaka ikachoka.

"Alikuwa anasema kitu," mshonaji alisema jioni ilipoingia, kama anayezungumza na miguu yake. "Mimi nikawa nabana kiuno."

"Ni mimi niliyewakatiza, dada."

"Wewe ulifanya ulichokubaliana nami." Akampigapiga goti. "Uliniambia niseme mara mbili, nikasema mara mbili."

Saa ilipofika akasimama, akapita kwenye ukaguzi, akavua viatu, akainua mikono alipoambiwa. Mlinzi akamwonyesha pini moja iliyobaki, aliyokuwa ameirudisha kwenye kola. Akaichomoa akampa. Hakugeuka nyuma, au aligeuka na watu wakamkinga.

Mama Saa hakuwa na mteja wiki ile. Siku ya nne akapanda treni na basi, akaenda kwa dobi peke yake. Mashine zilinguruma vile vile. Bosi alikuwa anakunja mwenyewe, amelowa jasho.

"Kaondoka," akasema kabla hajaulizwa. "Juzi. Kachukua hela yake ya wiki, kachukua na vitu vyake, kaniacha na mashuka ya hoteli mbili."

"Kaenda wapi?"

"Mama, ningejua ningemfuata mimi."

Akauliza kwenye chumba jirani na alichokuwa akilala binti, nyuma ya duka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo akasema alikuwa msichana wa heshima, hasemi na mtu. Usiku mwingine alikuwa akilia, lakini kwa chini chini, si wa kumsumbua mtu. Kuna mwanamume aliyekuwa akija kumtafuta, na akija, binti anazima taa. Zaidi ya hapo hakujua. Mama Saa akarudi mara tatu nyingine, akauliza hospitalini, akauliza kwa madobi wengine ng'ambo na huku. Katika mji ambao alikuwa akiwazungusha watu kwa saa tano wakaondoka wakisema wameuona, alizunguka miezi miwili asimwone mtu mmoja.

Alimpigia mshonaji akamwambia yote, isipokuwa ile habari ya taa. Upande wa pili kulikuwa na mtoto mchanga analia. "Ahsante, mdogo wangu," mshonaji alisema. "Hajapiga. Lakini simu naishika. Hata bafuni naingia nayo."

Mvua zilipoisha Mama Saa akakirudisha kitambulisho chake. Wageni walikuwa wamekwisha, hilo ni kweli, na ndilo alilowaambia watu. Lakini hata wale wachache wa mwisho hakuwafurahia. Akiwa nao bustanini, akasema "muda", sauti yake mwenyewe ilimshtua. Alipata kazi ya usafi kwenye shule ya watoto wadogo karibu na nyumbani, anafungua madarasa asubuhi, anayafunga mchana. Dada yake miguu imemzidi, hatoki tena kitandani.

Mshonaji bado hupiga, siku za Ijumaa, mjukuu akiwa amelala. Mwanzoni waliulizana kwanza lile moja. Siku hizi hawaulizani. Huzungumza juu ya meno ya mtoto, juu ya baridi ya kule, juu ya magoti yao. Mshonaji humweleza nguo anazoshona, mikono mirefu au mifupi, na Mama Saa husikiliza amekaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake, simu ameibana sikioni kwa bega, huku anakunja nguo za mgonjwa.